Ukifuta data za kivinjari, WhatsApp Web inapoteza nini na inarudishiwa nini?

*"Natumia WhatsApp Web kwenye kompyuta ya ofisi hapa Morogoro. Kompyuta imekuwa nzito na fundi ameniambia nifute data zote za Chrome. Naogopa meseji za wateja zitapotea. Je, nikifuta halafu nikaskani tena kwa simu, kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa?"*

Sehemu kubwa itarudi, lakini si yote, na visivyorudi ni vile ambavyo watu wengi hawavikagui kabla ya kubonyeza kitufe. Mazungumzo yenyewe yatarudi kwa kadiri yalivyo kwenye simu yako. Zitakazopotea moja kwa moja ni meseji zilizokwama kwenye kompyuta kabla ya kutumwa, maandishi uliyoanza kuyaandika ukayaacha, mapendeleo uliyoyaweka kwenye kivinjari hicho, na wakati mwingine picha au nyaraka ambazo simu yako haina tena. Hizo za mwisho ndizo zinazoumiza watu wa ofisi, na nitazieleza kwa kirefu.

Kwanza inafaa uelewe ni kitu gani hasa kimekaa ndani ya kompyuta yako. WhatsApp Web ilipoanza, Januari 2015, ukurasa ule ulikuwa kama kioo cha simu tu. Kila meseji ilipitia kwenye simu kwanza, na simu ikizimika ukurasa nao ulinyamaza. Wakati ule kufuta data za kivinjari kulikuwa jambo dogo, kwa kuwa kivinjari hakikuwa na chochote cha maana cha kupoteza. Kuanzia mwaka 2021 mfumo ulibadilishwa, na kila kifaa kilichounganishwa, ikiwamo Chrome ya ofisini kwako, kikawa kifaa kinachojitegemea. Kina funguo zake za siri na kina hifadhidata yake. Mteja akikuandikia, programu yake hufunga nakala moja kwa ajili ya simu yako na nyingine kwa ajili ya kivinjari chako, na kila moja hufunguliwa kwa ufunguo wa kifaa husika tu. Ndiyo maana siku hizi unaweza kuzima simu na bado ukaendelea kuzungumza na wateja kwenye kompyuta.

Ukitaka kuiona hifadhidata hiyo kwa macho yako, fungua WhatsApp Web, bonyeza `F12`, nenda kwenye kichupo cha `Application`, kisha ufungue `IndexedDB` upande wa kushoto. Utaona majina kama `model-storage`, ambamo mazungumzo huhifadhiwa, na `signal-storage`, ambamo funguo za siri hukaa. Tazama tu, usiguse kitu. Ninakuonyesha ili uone kwamba neno "data za kivinjari" katika ushauri wa fundi wako linabeba zaidi ya historia ya kurasa ulizotembelea. Linabeba pia kitambulisho kizima cha kifaa kinachotambulika kwa jina la akaunti yako.

Sasa tuje kwenye dirisha la kufutia. Ukibonyeza `Ctrl+Shift+Delete` ndani ya Chrome utaletewa orodha yenye visanduku, na tofauti kati ya visanduku viwili ndiyo inayoamua kila kitu. Kisanduku cha `Cached images and files` hufuta kache, yaani nakala za muda za picha na faili za kurasa ambazo kivinjari huziweka ili kisizipakue upya kila mara. Ukifuta hizo peke yake, WhatsApp Web haikutoi. Itachelewa kidogo kufunguka mara ya kwanza, basi. Kisanduku cha `Cookies and other site data` ni habari nyingine. Jina lake linawafanya watu wafikirie vidakuzi tu, vile vijifaili vidogo vya kukumbuka nani ameingia, kumbe maneno ya mwisho ya jina hilo ndiyo yanayochukua hifadhidata yote niliyokuonyesha hapo juu, pamoja na picha ambazo WhatsApp Web yenyewe ilishazipakua na kuzihifadhi. Ukiweka tiki hapo na kuthibitisha, ukurasa ukifunguliwa tena utakuletea msimbo wa QR kana kwamba hujawahi kufika.

Kuna watu hudhani kwamba wakichagua `Last hour` badala ya `All time` watakuwa wamefuta mambo ya saa moja tu na meseji za zamani zitabaki. Kwa hifadhi ya aina hii haiendi hivyo. Chrome haipekui ndani ya hifadhidata kuchagua ujumbe wa lini. Huangalia kama hifadhi ya tovuti ile imeguswa katika kipindi ulichotaja, na kama imeguswa huiondoa yote. WhatsApp Web iliyo wazi inaandika kwenye hifadhi yake kila ujumbe unapoingia, kwa hiyo kwa mtu wa ofisi saa moja na muda wote ni kitu kimoja.

Jambo jingine dogo kabla hatujaendelea: usiweke tiki kwenye `Browsing history` na manenosiri kwa sababu tu vimepangwa jirani. Kama umeingia Chrome kwa akaunti ya Google na umewasha usawazishaji, hivyo viwili hufutika hata kwenye vifaa vyako vingine. Hifadhi ya WhatsApp Web haisawazishwi namna hiyo, inabaki ndani ya kompyuta ile moja tu, na ndiyo maana hakuna nakala yake popote pa kuikimbilia. Haimo hata kwenye nakala rudufu ambayo simu yako hupeleka Google Drive au iCloud, kwa kuwa nakala hiyo hutengenezwa kutokana na yaliyomo kwenye simu.

Tuanze na meseji zilizokwama. Kila ujumbe unaouandika kwenye kompyuta huonyesha alama pembeni. Alama ya saa maana yake ujumbe bado umo ndani ya kivinjari na haujafika seva. Tiki moja maana yake umefika seva. Ukishafika seva umepona, kwa sababu nakala yake hupelekwa pia kwenye simu yako, na kama simu ilikuwa imezimwa itaipokea itakapowashwa, maana seva hutunza ujumbe ambao haujafikishwa kwa hadi siku 30. Lakini wenye alama ya saa haupo mahali pengine popote duniani. Ukifuta data za tovuti wakati huo, unatoweka bila taarifa yoyote. Mteja hakuupata, simu yako haina kumbukumbu yake, na wewe utakapounganisha upya utakuta mazungumzo yameishia kwenye ujumbe wa kabla ya huo.

Ubaya wake ni kwamba watu hufuta data za kivinjari wakati ule ule ambao mtandao unasumbua na ukurasa umegoma, yaani wakati ambapo alama za saa ni nyingi kuliko siku nyingine. Mtu anaandika bei kwa wateja watano, anaona haziendi, anaambiwa "futa kache", anafuta kila kitu, anaskani, ukurasa unafunguka vizuri, na anaendelea na kazi akiamini bei zimekwenda. Kwa hiyo, ukiona alama ya saa, nakili maandishi yale uyabandike kwenye Notepad kwanza. Fanya hivyo pia kwa mazungumzo yenye neno `Draft` katika orodha ya kushoto. Hayo ni maandishi uliyoyaanza ukayaacha, nayo hayapelekwi kwenye simu, hukaa kwenye kifaa ulichoyaandikia tu.

Picha, nyaraka na sauti ndilo eneo gumu zaidi, na linahitaji uelewe jinsi zinavyosafiri. Mteja akikutumia picha, picha yenyewe hufungwa kwa siri na kupandishwa kwenye seva, na ujumbe unaokufikia hubeba vitu vitatu: anwani ya faili lile kwenye seva, ufunguo wa kulifungulia, na kijipicha kidogo chenye ukungu ambacho unakiona kabla ya kupakua. Simu yako hulipakua faili na kuliweka kwenye kumbukumbu yake. Kivinjari nacho hulipakua nakala yake kivyake na kuiweka kwenye hifadhi yake. Kwa hiyo una nakala mbili, na hazitegemeani. Faili la kwenye seva halikai milele.

Mwaka jana nilikaa na mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi ambaye alikuwa amefanya kile kile unachotaka kukifanya. Simu yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo wiki kadhaa nyuma aliingia kwenye galari na kufuta picha zote za WhatsApp za miezi iliyopita. Hakugusa mazungumzo. Alifuta picha tu, kwa hiyo ujumbe wenyewe ulibaki kwenye simu bila faili lake. Kwenye kompyuta hakuona tofauti yoyote, kwa sababu Chrome ilikuwa na nakala zake, na picha tatu za hati za kupokelea saruji alizotumiwa na dereva zilifunguka safi kabisa. Akafuta data zote za kivinjari jioni, akaskani asubuhi. Mazungumzo na dereva yalirudi yote, neno kwa neno, na tarehe zake. Picha tatu nazo zilirudi, lakini kama vijipicha vyenye ukungu na alama ya mshale wa kupakua.

Alipobonyeza mshale, kilichotokea nyuma ya pazia ni hiki. Kivinjari kilikwenda kwenye anwani iliyomo ndani ya ujumbe na kukuta faili halipo tena kwenye seva. Kikaiomba simu ilipandishe upya, kwa sababu mfumo unaruhusu simu kufanya hivyo kama bado inalo. Simu ikatafuta, haikulipata, na kivinjari kikatoa ujumbe wa kwamba haiwezekani kupakua. Alirudia mara nyingi akidhani ni tatizo la mtandao, na hapo ndipo alipopoteza nusu siku. Mtandao ulikuwa mzima. Hapakuwa na mahali pa kulitoa faili. Hati mbili alizipata kwa kumwomba dereva azitume upya, kwa kuwa dereva bado alikuwa nazo kwenye simu yake. Ya tatu ilitumwa kabla dereva hajabadilisha simu, na haikupatikana.

Njia ya kujua mapema kama uko kwenye hali hiyo haihitaji utaalamu. Chukua picha au hati unayoihitaji, ifungue kwenye kompyuta, kisha fungua ile ile kwenye simu. Ikifunguka safi kwenye simu, hakuna wasiwasi, itarudi hata kama faili limetoka kwenye seva. Ikifunguka kwenye kompyuta lakini kwenye simu inaonyesha ukungu na mshale, basi nakala iliyo kwenye kivinjari huenda ndiyo ya mwisho, na unapaswa kubonyeza alama ya kupakua pale juu ya picha ili faili liingie kwenye folda ya `Downloads`. Faili likishaingia kwenye folda hiyo, kufuta data za kivinjari hakuligusi. Kinachoweza kufutika ni orodha ya Chrome ya vitu ulivyowahi kupakua, nayo ni orodha tu. Anza na nyaraka za fedha na mikataba. Utani wa kwenye makundi unaweza kwenda na maji.

Kuna hali moja ambayo jibu langu ni usifute kabisa, hata kompyuta ingekuwa nzito kiasi gani, nayo ni pale simu yako imeibiwa, imeharibika kioo, au imelala kwa fundi. Kila kinachorudi baada ya kuunganisha upya hutoka kwenye simu. Bila simu hakuna wa kuskani na hakuna wa kuleta mazungumzo. Kivinjari kilichounganishwa kinaweza kuendelea kufanya kazi peke yake kwa muda, lakini WhatsApp huviondoa vifaa vilivyounganishwa ikiwa simu kuu haijatumika kwa zaidi ya siku 14. Siku hizo ni za kupakua nyaraka na kunakili maandishi muhimu, na pia za kuacha kusajili namba yako kwenye simu nyingine kabla hujamaliza kazi hiyo, kwa sababu ukiisajili upya vifaa vilivyounganishwa hutolewa.

Tuseme sasa umekagua, umefuta, na uko mbele ya msimbo wa QR. Kwenye simu unafungua `Linked devices`, unabonyeza `Link a device`, unathibitisha kwa alama ya kidole au namba ya siri ya simu, kisha unaskani. Kinachofuata watu hukiita "kurudi", lakini kwa mfumo wenyewe hicho ni kifaa kipya kabisa. Funguo za zamani ziliteketea pamoja na hifadhidata, kwa hiyo kivinjari kinatengeneza funguo mpya na kujitambulisha upya kwenye akaunti yako. Simu nayo inaandaa kifurushi cha mazungumzo ya hivi karibuni, inakifunga kwa siri, inakipeleka kupitia seva, na kukitumia kivinjari ufunguo wake kwa ujumbe wa siri wa pembeni. Kivinjari kikishafungua na kuhifadhi, ufunguo huo unafutwa, na kuanzia hapo kinasoma kutoka kwenye hifadhidata yake chenyewe.

Zingatia neno "hivi karibuni". Simu haimwagi historia yote ya miaka. Mazungumzo ya karibuni huonekana kwanza, mengine huendelea kuingia kwa nyuma, na ukipandisha hadi juu kabisa ya mazungumzo marefu unaweza kukuta maandishi `Click here to get older messages from your phone`. Ukibonyeza hapo, kivinjari kinaiomba simu sehemu nyingine ya zamani, na simu lazima iwe imewashwa na iwe na mtandao wakati huo. Kwa hiyo, ukiona mazungumzo ya mteja wa mwaka juzi hayamo dakika tano baada ya kuskani, usihitimishe kwamba yamepotea. Yatafute kwenye simu kwanza. Yakiwa kwenye simu, hayajapotea. Yasipokuwa kwenye simu, kivinjari hakina pengine pa kuyatoa.

Kuhusu mpangilio wako, habari ni njema. Mazungumzo uliyoyabandika juu, uliyoyanyamazisha, uliyoyaweka kwenye kumbukumbu, jumbe ulizozitia nyota na majina ya watu uliowahifadhi, vyote husawazishwa kwa njia yake nyingine ya siri kati ya vifaa vyako, na vitarudi bila wewe kufanya kitu. Makundi na wanachama wake hutoka kwenye seva. Kisichorudi ni mavazi ya kompyuta ile: rangi nyeusi au nyeupe ya ukurasa, mandhari ya nyuma ya mazungumzo, na namna ulivyopanga sauti za arifa. Ruhusa za maikrofoni na arifa ni za Chrome yenyewe na hubaki, isipokuwa kama uliweka tiki pia kwenye `Site settings`.

Wakati kifurushi kinaingia, acha WhatsApp ikiwa wazi kwenye simu, na kama ofisi ina Wi-Fi itumie, kwa sababu simu inapandisha na kompyuta inapakua, na bando la simu la siku moja linaweza kukatika katikati. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuskani tena upya, na kila wakiskani wanaanza kifaa kipya kutoka sifuri. Unaweza pia kukutana na ujumbe mmoja mmoja wenye maandishi `Waiting for this message`. Hutokea hasa kwa jumbe zilizotumwa karibu na dakika ile ya kuunganisha, ambapo programu ya mtumaji ilikuwa haijakijua kifaa chako kipya. Kwa kawaida hujirekebisha programu yake inapopata mtandao na kuutuma upya, na kwenye simu yako ujumbe huo unasomeka muda wote.

Sehemu ambayo karibu kila mtu huiacha ni kifaa cha zamani. Kufuta data za kivinjari si sawa na kutoka kwenye akaunti. Ulipofuta, Chrome ilisahau kila kitu, lakini haikumwambia mtu. Kwa upande wa seva, kile kifaa cha awali bado kipo, jumbe bado zinafungwa kwa ajili yake na kuwekwa foleni, na hakuna mtu atakayeweza kuzifungua kwa kuwa ufunguo haupo. Fungua `Linked devices` kwenye simu na utaona mistari miwili ya Chrome, mmoja umetumika sasa hivi na mwingine una saa ya jana. Ubonyeze ule wa jana, kisha `Log out`. Si hatari kubwa ya usalama, lakini nafasi za vifaa ni nne tu mbali na simu, na anayefuta kila wiki bila kuondoa mizimu hiyo anaweza siku moja kuambiwa nafasi zimejaa ilhali ana kompyuta moja. Isitoshe, orodha ikijaa majina yanayofanana, siku mtu mwingine akijiunganisha kwa siri hutamtambua.

Kwa sababu hiyo, ukiwa umeamua kufuta, njia iliyo safi zaidi ni kuanza kwa kutoka rasmi. Toka kupitia menyu ya WhatsApp Web, yenyewe itaiambia seva na kusafisha hifadhidata yake, kisha ndipo ufute mengine. Matokeo kwa mazungumzo ni yale yale, ila huachi mzimu nyuma.

Kama ofisini kwenu mna mazoea ya kufungua WhatsApp kwa dirisha lake lenyewe, angalia dirisha hilo limetoka wapi. Likiwa limetengenezwa na Chrome kwa kusakinisha ukurasa kama programu, linatumia hifadhi ile ile ya Chrome na litatolewa pamoja nayo. Likiwa ni programu ya WhatsApp iliyotoka Microsoft Store, lina hifadhi yake, na kufuta data za Chrome hakuligusi.

Na ikiwa utaona unaombwa kuskani kila asubuhi bila wewe kufuta chochote, kuna kitu kinafuta kwa niaba yako. Mara nyingi ni mpangilio wa Chrome wa kufuta data za tovuti kila madirisha yote yanapofungwa, au ni programu ya kusafisha kompyuta ambayo fundi aliiweka ifanye kazi kila inapowashwa. Dirisha la faragha nalo hufanya hivyo hivyo, kwa kuwa halitunzi hifadhidata baada ya kulifunga.

Kwa kompyuta yako wewe, nisingeanza na kufuta kila kitu. Andika `chrome://settings/content/all` kwenye sehemu ya anwani, na Chrome itakuorodheshea tovuti zote pamoja na ukubwa wa hifadhi ya kila moja. Zipange kwa ukubwa. Ukikuta `web.whatsapp.com` iko chini kwenye orodha, basi siyo inayokula nafasi, na unaweza kuondoa tovuti kubwa moja moja bila kuigusa. Ongezea hapo kufuta `Cached images and files` peke yake, kisha uwashe upya kompyuta. Ikiwa WhatsApp ndiyo iliyo juu kabisa na ukurasa wake ndio unaokwama, kagua alama za saa, nakili maandishi yenye `Draft`, pakua hati ambazo simu haizifungui, toka rasmi, kisha uiondoe hiyo peke yake na uskani upya, simu ikiwa kwenye chaji na kwenye Wi-Fi.